Chungu Kilichokuwa Kinaruka

Bi mkubwa aliipokea simu yangu, akaisogeza mbali na uso kama wafanyavyo watu walioisahau miwani chumbani, akaitazama picha kwa muda wa pumzi moja tu, akanirudishia.

"Mwanangu," akasema, "mbona chungu chenyewe kinaruka?"

Nilikuwa nimeikalia picha ile tangu alfajiri. Rangi ya chungu nilikuwa nimeipatanisha na ya ukuta, majani ya mrihani nimeyakata moja moja, hata ufa wa sakafu nimeuunga usijulikane ulikatika wapi. Bi mkubwa hajawahi kuhariri picha hata moja maishani mwake. Lakini alikuwa amesema kweli, na kwa neno lililo sawasawa. Chungu kilikuwa kinaruka.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kuieleza. Ana nyumba ya wageni ya vyumba vinane, Mji Mkongwe, Unguja, yenye uwanja mdogo mbele, mlango wa kuchonga na baraza la mawe. Picha nzuri kuliko zote alizonazo za nyumba hiyo ilipigwa wiki ya tatu ya Machi, na siku hiyo pembeni ya mlango lilikuwa limesimama pipa la taka la kijani, lile kubwa la magurudumu la lita 240. Mtu atauliza kwa nini asilisogeze pipa akapiga picha nyingine. Ningemshauri hivyo hivyo, maana dakika moja ya kusukuma pipa ni nafuu kuliko nusu siku ya kompyuta. Ila sasa ukuta ule umefunikwa na majukwaa ya mafundi wanaopiga chokaa, na haieleweki yataondoka lini. Kwa hiyo akataka pipa litoke, na mahali pake akae chungu cha udongo chenye mrihani.

Kuliondoa pipa ni kazi ya saa moja kwa mtu aliyezoea. Unachukua Clone Stamp, unanakili sakafu ya jirani na kuipaka juu ya pipa, ukikumbuka kuchota kutoka mahali palipo mbali sawa na kamera, kwa sababu chembe za saruji zilizo karibu huonekana kubwa na za mbali huonekana ndogo. Ukichota ovyo, sakafu inakuwa na kiraka kinachoonekana kama nguo iliyotiwa kitambaa cha aina nyingine. Pia usirudie doa moja mara mbili. Jicho la mtazamaji huwapata mapacha haraka sana.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hukisahau hapa. Plastiki ya kijani iliyopigwa na jua hurusha ukijani kwenye ukuta mweupe ulio nyuma yake na kwenye sakafu iliyo karibu. Pipa likishaondoka, ukijani ule unabaki ukutani bila mwenyewe, na picha inakuwa na mzuka. Mimi niliuona nikaufuta. Kosa langu lilikuwa kwingine.

Kosa lilikuwa uvivu uliojivika hekima. Nilipotazama kivuli kirefu cha pipa, kilichokuwa kimelala sakafuni kuelekea kulia, nilijiambia: hiki ni kivuli cha kweli, cha siku ile ile na jua lile lile, kwa nini nikifute nikachore kingine? Nikakiacha, nikakipunguza urefu, nikakiviringa ncha ifanane na majani. Kisha nikakisogeza chungu mpaka ubavu wake wa kulia ukagusa mahali kivuli kinapoanzia. Kivuli kipo, mwelekeo wake sawa, rangi yake sawa. Na bado kikaruka.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa tujue kwamba kitu kilichosimama juani kina vivuli viwili, ingawa kwa mazoea tunasema kimoja.

Cha kwanza ni kile kirefu ambacho kila mtu anakijua. Jua linazuiwa, basi nyuma ya kitu panakuwa na giza lenye umbo lake. Cha pili ni kidogo mno, na kinakaa pale tu ambapo kitu na ardhi vinagusana. Nakiita kivuli cha mguso. Hiki hakitegemei jua sana. Kinatokana na anga lenyewe kuzuiwa. Sakafu iliyo wazi inapokea mwanga kutoka kila upande wa anga, hata ile iliyo ndani ya kivuli kirefu, ndiyo maana ukikaa kivulini bado unaweza kusoma gazeti. Lakini pale kitako cha chungu kinapokutana na saruji pana mfereji mwembamba ambao mwanga wa anga hauingii kabisa au unaingia kwa shida. Hapo ndipo penye giza kuliko mahali pengine pote kwenye picha, na giza hilo linapotea haraka: sentimita moja kutoka kwenye mguso limekwisha pungua sana, na ukifika sentimita tatu au nne hulioni tena.

Huo uzi mweusi ndio unaoliambia jicho kwamba kitu kimekaa chini. Mwaka 1997 watafiti watatu, Daniel Kersten, Pascal Mamassian na David Knill, walionyesha jambo linalokaribiana na hili kwa mpira uliochorwa kwa kompyuta. Mpira ulisafiri njia ile ile kwenye skrini mara zote mbili. Kivuli chake kilipobaki chini yake kikiugusa, watu waliona mpira unabingirika sakafuni kwenda mbali. Kivuli kilipoachana nao, watu wale wale waliona mpira unapaa hewani. Mpira haukubadilika hata kidogo. Mahali pake palipangwa na kivuli.

Jicho lina tabia nyingine ya ajabu, nayo ni kwamba mwelekeo wa kivuli haulishughulishi sana. Kivuli kikienda kombo nyuzi kumi, wengi hawaoni. Wachoraji wa zamani wa Ulaya walichora vivuli vinavyoelekea kila upande ndani ya mchoro mmoja na watu wakaendelea kuipenda michoro hiyo. Lakini kitu kikikosa kivuli pale kinapogusa ardhi, hata mtoto ataona kuna jambo. Mimi nilitumia asubuhi nzima kwenye lile ambalo jicho linasamehe, nikaliruka lile ambalo halisamehi.

Sasa tazama nilichokifanya. Pipa lina upana wa sentimita 58 hivi, chungu changu kina kitako cha sentimita 30. Kivuli cha pipa kilianzia pale ubavu wa pipa ulipoishia, na chote kilichokuwa chini ya pipa kamera haikukiona. Mimi nikajaza pale sakafu yenye jua kali. Kwa hiyo chungu kilikuwa na kivuli upande wa kulia, lakini mbele na kushoto kitako chake kilikatwa kwa mkasi na kuwekwa juu ya saruji inayong'aa, bila hata uzi wa giza. Ndiyo kusema kilikuwa picha iliyobandikwa juu ya picha. Bi mkubwa alikiona kinaruka kwa sababu hakukuwa na kitu chochote kinachokifunga chini.

Nikarudi nyumbani nikafuta kila kitu, pamoja na kivuli cha pipa. Safari hii nilianza na vipimo.

Pipa lenyewe lilinipa rula. Mapipa ya aina ile hutengenezwa kwa vipimo vinavyokaribiana popote duniani, na urefu wake ni sentimita 107 hivi. Kwenye picha lilikuwa na urefu wa pikseli 642, yaani pikseli 6 kwa kila sentimita mahali pale lilipokuwa. Kivuli chake kililala pikseli 450, sawa na sentimita 75. Kwa hiyo siku ile, saa ile, kila kitu kilikuwa kinatupa kivuli chenye urefu wa sehemu saba katika kumi za urefu wake. Saa ya kamera iliyomo ndani ya faili ilisema saa nne na dakika kumi asubuhi, na kwa Unguja mwezi Machi jua wakati huo huwa limepanda nyuzi 55 hivi, jambo linaloafikiana na hesabu ile. Chungu changu kina kimo cha sentimita 50, na mrihani unaongeza 40 juu yake. Basi kivuli cha mdomo wa chungu kiishie sentimita 35 kutoka katikati ya chungu, na cha majani kiishie sentimita 63. Kile cha pipa nilichokuwa nimekifupisha kwa macho nilikuwa nimekiacha kirefu mno.

Kwa wasiokaa pwani yetu niseme kwamba uwiano huo haudumu. Unguja jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena katika wiki ya pili ya Oktoba. Picha iliyopigwa adhuhuri ya siku hizo haina kivuli kirefu kabisa. Chungu kinabaki na giza la chini yake tu, na hapo huna pa kujificha: ukikosea kivuli cha mguso umekosea vyote.

Umbo la kivuli kirefu lina mtego wake. Njia inayofundishwa mara nyingi ni kunakili chungu, kukijaza weusi, kukilaza sakafuni kwa Distort, na kukiunganisha na chungu pembeni. Kwa chungu cha mviringo inakaribia kufaa, maana jua linakiona kwa umbo lile lile tunaloliona sisi. Tatizo ni pale kinapounganishwa. Kitako cha chungu kwenye picha si mstari, ni yai lililolala. Kamera ilikuwa kwenye kimo cha sentimita 150 na mita tano kutoka hapo, kwa hiyo duara la sentimita 30 linaonekana na upana wa pikseli 180 lakini unene wa pikseli 52 tu. Jua likitoka kushoto, upana wa kivuli ndio huo unene wa yai: ukingo wake mmoja unaanzia kwenye tumbo la yai lililo karibu na sisi, na mwingine unaanzia nyuma ya chungu tusipopaona. Wengi hukianzisha kwenye kona ya kulia ya kitako, kana kwamba chungu ni ubao uliosimama. Matokeo ni kivuli kinachofanana na mkia.

Kwa sababu hiyo hiyo nilikitafuta chungu cha kupiga picha kwa makini. Nilikikuta kwa jirani, nikakitoa nje siku iliyofuata saa nne na dakika kumi, nikakigeuza jua litoke kushoto kama kwenye picha ya nyumba, nikasimamisha kamera kimo kile kile na umbali ule ule. Chungu kilichopigwa kwa usawa wa macho, kama vile vya kwenye matangazo ya maduka, kina kitako kilichonyooka. Ukikiweka kwenye sakafu inayoonekana kutoka juu, kinaonekana kinakuangukia, na hakuna kivuli kitakachokiponya.

Tukaja kwenye rangi, na hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Mtu akiambiwa chora kivuli, mkono wake huenda kwenye rangi nyeusi. Kivuli cha nje si cheusi. Ni sakafu ile ile iliyonyimwa jua lakini bado inatazamwa na anga la buluu, kwa hiyo kina ubuluu kidogo. Badala ya kukisia, nililitafuta shahidi ndani ya picha yenyewe. Baraza lilikuwa linatupa kivuli chake kwenye saruji ile ile. Nikaigusa kwa Eyedropper sakafu yenye jua, ikasema 196, 186, 170, yaani nyekundu, kijani na buluu kwa kipimo cha 0 hadi 255. Nikagusa sakafu ndani ya kivuli cha baraza, ikasema 92, 94, 98. Ona yalivyopinduka: juani nyekundu ndiyo kubwa, kivulini buluu ndiyo kubwa.

Tabaka la kivuli nililiweka kwenye hali ya Multiply. Hali hiyo inazidisha rangi ya tabaka kwa rangi iliyo chini yake na kugawanya kwa 255, ndiyo maana nyufa na chembe za saruji zinaendelea kuonekana ndani ya kivuli. Basi rangi ya kupaka inapatikana kwa kurudi nyuma:

```
255 × 92 ÷ 196 = 120
255 × 94 ÷ 186 = 129
255 × 98 ÷ 170 = 147
```

Rangi hiyo, 120, 129, 147, ukiitazama peke yake ni kijivu cha buluu ambacho hakuna mtu angekiita kivuli. Ipake juu ya saruji yenye jua kwa Opacity ya 100, na mahali pale panakuwa sawa na kivuli cha baraza. Ikipita juu ya doa la mafuta inalifanya doa lililo kivulini. Huna haja ya kubahatisha kwa kuvuta Opacity huku na huku.

Ukingo wake nao una kanuni. Jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi hivi angani, kwa hiyo ukingo wa kivuli unalegea kadiri kinachoukata mwanga kilivyo mbali: takriban sentimita moja kwa kila mita. Karibu na kitako ukingo ni mkali kama umekatwa kwa wembe. Kwenye kivuli cha mdomo wa chungu unalegea pikseli 4 hivi, na kwenye ncha za majani pikseli 6 au 7. Niliutia Gaussian Blur kidogo sana, nikaongeza kuelekea nchani kwa Layer Mask. Wanaolegeza kivuli chote kwa kipimo kimoja kikubwa hukifanya chungu kionekane kimesimama chini ya anga la mawingu wakati ukuta wa nyuma unawaka jua.

Hapo nikawa na chungu chenye kivuli kirefu kilicho halali. Nikakitazama. Kilikuwa kimeshuka, lakini bado hakijatua.

Kivuli cha mguso nilikiweka kwenye tabaka lake, juu ya kile kirefu, nacho kwa Multiply. Shahidi wake nilimpata pale baraza linapokutana na sakafu upande wa kivulini, kwenye ule mshono mweusi: 38, 37, 36. Linganisha na 92, 94, 98 za kivuli cha kawaida. Si giza tu lililoongezeka, ubuluu umetoweka. Na inaleta maana, kwa sababu ubuluu ulikuwa wa anga, na mle mfereji hauoni anga. Mwanga mdogo unaobaki humo umeruka kutoka kwenye saruji na mawe, vitu vyenye joto la rangi. Kwa hesabu ile ile ya kurudi nyuma nikapata 105, 100, 94, rangi ya udongo uliolowa. Watu wanaotumia rangi moja kwa vivuli vyote viwili huishia na uzi wa buluu chini ya chungu chekundu, na jicho hukataa bila kueleza sababu.

Kisha mkono. Huu uzi hauna unene mmoja kuzunguka kitako, na hapo ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Upande wa kushoto, jua linapiga moja kwa moja hadi kwenye mshono, kwa hiyo uzi ni mwembamba kama unywele, pikseli moja au mbili. Ukija mbele, kwenye tumbo la yai, unaanza kunenepa. Ukifika pale kivuli kirefu kinapoanzia, unafika pikseli 6, sawa na sentimita moja, na ukingo wake wa nje unayeyuka ndani ya kivuli kirefu usijue kimoja kimeishia wapi. Chungu kinachopanuka kwenda juu kama hiki kinafunika anga la chini yake zaidi kuliko kilichonyooka, kwa hiyo upande wa kivulini niliongeza pia utando mpana na hafifu sana wa sentimita nne, Opacity 25, laini kila upande.

Nikaukata uzi mahali pawili. Vyungu vya udongo havikai bapa. Kitako kina vibonde, na saruji ya zamani ina vyake. Chungu halisi hugusa sakafu sehemu tatu nne, na kati yake kuna nafasi ambazo zina giza zaidi na pana kidogo. Mstari uliochorwa kwa mkono mmoja usiokatika, mweusi kuzunguka kote, unakifanya chungu kionekane kimechorwa kwa kalamu ya wino. Nimewahi kuona matangazo makubwa ya barabarani yenye gari lililozungushiwa mstari kama huo kwenye kila tairi.

Lililobaki lilikuwa kwenye chungu chenyewe, na kwa kweli ndilo ninalolisahau mara nyingi mpaka leo. Giza la mguso halikai sakafuni tu. Linapanda pia juu ya kitu. Sentimita mbili tatu za chini za chungu, upande wa kivulini hasa, haziioni anga vizuri, kwa hiyo nazo zina weusi unaopotea ukienda juu. Juu kidogo ya hapo, upande wa jua, kuna mng'ao hafifu wa saruji inayourudisha mwanga kwenye tumbo la chungu. Nikaupaka weusi wa chini kwa brashi laini, nikauacha mng'ao ulivyokuja na picha ya kwa jirani, maana ulipigwa juu ya saruji inayofanana. Nikaipunguza pia Layer Mask ya chungu kwa pikseli moja pande zote, kuondoa ule uzi mweupe wa ukingoni ambao hubaki kutoka kwenye picha ya asili. Uzi mweupe chini ya kitako ndio adui mkubwa wa kivuli cha mguso: unaukata uhusiano wa chungu na sakafu pale pale ulipojitahidi kuujenga.

Kujua kama imekubali, sikutazama tena kwa ukubwa. Niliipunguza picha mpaka ikawa na upana wa ukucha, kwa sababu hivyo ndivyo wageni watakavyoiona kwanza kwenye simu zao, na kwa ukubwa huo jicho halishughuliki na chembe, linauliza tu kitu kiko wapi. Kisha nikaigeuza kushoto kuwa kulia. Picha uliyoikodolea macho saa nyingi huwa imekuzoea. Ukiigeuza inakuwa ngeni na kasoro zinajitokeza. Mwisho niliongeza tabaka la Curves, nikalipandisha mpaka vivuli vyote vikafunguka, nikakuta kando ya kivuli kirefu kuna ukanda wa mchoro wa brashi ambao kwa hali ya kawaida ulikuwa umejificha gizani. Nikausafisha, nikalifuta tabaka la Curves.

Kuna mahali ambapo kazi hii hairuhusiwi kabisa, na ni vizuri kulisema wazi. Katika picha za habari, kuondoa pipa ni kosa sawa na kuondoa mtu. Januari 2014 shirika la habari la AP lilivunja uhusiano na mpiga picha Narciso Contreras kwa sababu alikuwa amefuta kamera ya video ya mwenzake kwenye kona ya picha aliyoipiga Syria, ingawa kitu kile hakikubadilisha maana ya tukio. Picha ya biashara ina uhuru zaidi, lakini nao una mpaka. Pipa lina magurudumu, kesho linaweza kuwa kwingine. Nguzo ya umeme iliyoziba dirisha la chumba cha mgeni haiendi popote, na hiyo nisingeifuta hata kwa malipo mara mbili.

Nilipompelekea bi mkubwa picha ya pili, safari hii alikuwa na miwani. Aliitazama muda mrefu kuliko mara ya kwanza, akauliza chungu kinauzwaje. Nikamwambia kwamba akiitoa picha hii bila chungu pale nje, mgeni atakayefika atakutana na pipa. Akanyamaza, akamwita kijana wa mapokezi.

Sasa chungu cha kweli kipo, kifupi kidogo kuliko cha kwenye picha, na mrihani wake umeshachumwa nusu. Pipa limehamishiwa uchochoroni nyuma ya nyumba.